Nimesajiliwa kama mhandisi mhitimu: niandikeje barua ya maombi ya kazi?

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 31, mzaliwa wa Lamu, na nina shahada ya uhandisi wa ujenzi niliyoipata mwaka 2017. Mwaka uliofuata Bodi ya Wahandisi Kenya ilinisajili kuwa mhandisi mhitimu, na hadi leo ningali katika daraja hilo. Kuanzia 2019 hadi 2024 nilifanya kazi na kampuni ya ushauri wa uhandisi iliyokuwa na miradi huku kwetu: ukuta wa kuzuia bahari, madarasa ya skuli na barabara ya matofali ya saruji. Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni msaidizi wa mhandisi mkaazi, lakini mkuu wangu, ambaye ndiye mhandisi mtaalamu, alikuwa akija kwa nadra. Aliyeshinda saiti kila siku ni mimi.

Sasa idara moja ya umma imetangaza nafasi mbili. Ya kwanza ni ya mhandisi, na tangazo linataka mtu "aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, mwenye uzoefu wa miaka mitano". Ya pili ni ya mhandisi msaidizi, ambayo inataka mhandisi mhitimu, na mshahara wake ni mdogo sana. Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja, nayo ieleze kwa muhtasari usajili wa kitaaluma na uzoefu wa miradi.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha, ananiambia niandike "nimesajiliwa na Bodi" nikomee hapo, kwani si uongo. Tena anataka nijiite mhandisi mkaazi, kwa kuwa kazi hiyo niliifanya. Nilimsimulia jinsi majibu ya zege la ukuta yalivyorudi dhaifu kutoka maabara ya Mombasa, yakawa nyutoni 13 kwa milimita ya mraba siku ya saba badala ya 20 hivi tuliyoitarajia, na jinsi nilivyogundua kuwa chanzo ni mchanga uliolowa mvua za masika. Akasema habari kama hizo hazina nafasi katika barua ya kikazi.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni mkuu wangu wa zamani. Nilipoondoka alikataa kutia sahihi kumbukumbu zangu za uzoefu, akidai nimemwacha katikati ya mradi. Bila sahihi hiyo siwezi kuomba daraja la mhandisi mtaalamu, na ninaogopa hata kumtaja kama mdhamini. Kampuni moja ya Mombasa imeniahidi nafasi chini ya mhandisi mtaalamu, lakini mama yangu anahitaji mtu wa kumwangalia, nami ndiye niliye karibu naye. Nifanyeje?

Msomaji, Kisiwa cha Lamu

* * *

Marahaba, mwanangu. Nimekaa mara kadhaa katika majopo ya kuchuja maombi ya wahandisi, kwa hivyo niruhusu nianze na lile tangazo lenyewe kabla ya kufika kwa mjomba na kwa mkuu wako, maana naona mmelisoma kwa namna moja tu ilhali linaweza kusomwa kwa namna mbili.

Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, Bodi huweka wahandisi katika madaraja yanayojulikana: mhandisi mhitimu, mhandisi mtaalamu na mhandisi mshauri. Wote hao wamesajiliwa. Mwajiri anapoandika "aliyesajiliwa na Bodi" bila kutaja daraja, huenda anamkusudia mhandisi mtaalamu na amesahau kuandika hivyo, na huenda pia yuko tayari kumpokea mhandisi mhitimu mwenye uzoefu, hasa pale ambapo nafasi za namna hiyo zimewahi kutangazwa na wataalamu wasijitokeze. Wewe na mjomba mmechukulia kwamba ni lazima wawe wanataka mtaalamu, na kwa hivyo mkaanza kutafuta maneno ya kuipita nukta hiyo kimyakimya. Lakini je, mmeuliza? Tangazo la umma huwa na anwani na namba ya ofisi ya waajiri. Barua fupi au simu moja yenye swali la wazi, yaani kama mhandisi mhitimu mwenye uzoefu wa miaka mitano anaruhusiwa kuomba nafasi ya kwanza, haikupunguzii heshima. Wapo waombaji wanaohofia kwamba swali la namna hiyo litawatia alama mbaya. Katika majopo niliyokaa sikuona hilo, kwa sababu wanaopokea maswali mara nyingi sio wanaochuja. Hatari iliyopo ni kwamba jibu linaweza kuwa "hapana", na hapo itakubidi uamue ukijua unachokijua, wala hutaweza tena kusema kwamba tangazo lilikuwa na utata.

Inafaa pia ujue barua yako itapita wapi. Karani au afisa wa jopo huchora jedwali, majina ya waombaji upande mmoja na masharti ya tangazo upande wa juu, kisha hupitia kila bahasha akitia alama. Katika safu ya usajili hatafuti ufasaha, anatafuta mambo matatu: daraja, namba ya usajili na mwaka. Akiyakuta, anatia alama na kuendelea. Asipoyakuta, ana njia mbili, ama aache nafasi wazi, jambo ambalo katika mchujo wenye maombi mengi ni sawa na kukuondoa, ama atafute jina lako katika rejista ya Bodi, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Huko atakukuta chini ya wahandisi wahitimu. Kwa hivyo ile sentensi ya mjomba, hata ikiwa kila neno lake ni kweli, haimfichi mtu kitu kwa zaidi ya dakika chache. Kinachobaki baada ya hapo ni jinsi msomaji atakavyouelewa ukimya wako, nawe hutakuwapo chumbani kumfafanulia.

Sisemi hivi kumdharau mjomba. Amekusomesha, anakutakia mema, na katika kazi nyingine mtu husifiwa kwa kujua kunyamaza. Hata hivyo, ningependa ujiulize utajibu nini ukiitwa kwenye mahojiano. Jambo la kwanza huwa ni kukagua vyeti halisi: shahada, cheti cha usajili, na kwa mhandisi mtaalamu leseni ya mwaka huo, ambayo muda wake humalizika tarehe 31 Desemba. Mwenye kiti atauliza, "Umesajiliwa katika daraja gani?" Kama barua ilikwisha kulijibu swali hilo, mazungumzo yatahamia kwenye kazi zako. Kama haikulijibu, dakika zako za kwanza zitakwenda katika kujieleza, na sijaona mwombaji aliyeingia kwa kujieleza akatoka akiwa ameonyesha alichokijua. Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili, nakubali, ni kwamba kutaja daraja waziwazi kunaweza kukuondoa katika nafasi ya kwanza kabla hujapata kuonekana. Hatari zote mbili ni za kweli, na ni wewe utakayepima ni ipi unayoweza kuibeba.

Kabla ya kuendelea nitaje jambo dogo ambalo limewaangusha wengi wa pwani yetu. Majina yetu huandikwa kwa mitindo tofauti: kitambulisho kina majina matatu pamoja na la babu, shahada ina mawili, na cheti cha Bodi pengine kina tahajia nyingine kabisa. Afisa akitafuta katika rejista jina lililo kwenye barua asilipate, atachukulia kuwa hujasajiliwa. Linganisha hati zako leo. Zikitofautiana, andika katika barua jina kama lilivyo kwenye cheti cha Bodi pamoja na namba ya usajili, na uambatishe hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye uzoefu, maana hapa naona unajipunja bila kujua. Unaogopa kwamba "msaidizi" ni neno dogo, na mjomba anataka kulikuza. Tazama jambo hili kwa jicho la jopo. Mhandisi mhitimu kisheria hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu. Akiandika kwamba alikuwa mhandisi mkaazi, akasanifu, akaidhinisha na kusimamia peke yake, msomaji anayejua sheria hatasema "huyu ni hodari", bali atajiuliza nani aliyekuwa akiwajibika kwa kazi ile. Yaani jina kubwa linaloonekana kukupandisha ndilo linaloweza kuibua shaka, na maneno "chini ya usimamizi wa mhandisi mtaalamu", ambayo wewe unayaona kuwa udhaifu, ndiyo yanayoufanya uzoefu wako uhesabike. Hata Bodi yenyewe, siku utakapoomba daraja la juu, itataka angalau miaka mitatu ya uzoefu wa vitendo baada ya kusajiliwa kama mhitimu, nao huwa ni uzoefu uliopata uangalizi.

Lakini ukweli kwamba wewe ndiye uliyeshinda saiti haupaswi kupotea, na wala huhitaji cheo cha mtu mwingine kuusema. Tumia cheo kilicho katika barua yako ya ajira, kisha eleza ulichokuwa ukikifanya: kwamba ulikuwa afisa wa mshauri aliyekuwapo saiti muda wote wa kazi, ulikagua nondo kabla ya zege kumwagwa, ulichukua sampuli, uliandika shajara ya saiti na kumbukumbu za vikao. Msomaji mwenye uzoefu atajua mara moja uzito wa maneno hayo. Huhitaji kuandika kwamba mkuu wako alikuja kwa nadra, kwani hilo linamhusu yeye, na likiwa katika barua yako litasomeka kama mashtaka.

Kisa cha zege nacho ningependa ukitazame upya, kwa sababu katika barua yako yote ndicho kilichonifanya nikae wima. Kwa faida ya wasomaji wasio wahandisi, zege hupimwa kwa kujaza viunzi vya mchemraba vyenye upande wa milimita 150, kisha vipande hivyo huvunjwa maabara baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Kila kipande kina uzito wa kilo 8 hivi, na kutoka Lamu hakifiki Mombasa ila kwa kupakiwa boti hadi Mokowe kisha safari ndefu ya barabara. Zege linalotakiwa kufikia nguvu ya 30 siku ya 28 hutarajiwa kuwa limefikia karibu thuluthi mbili siku ya saba, ndiyo maana ulitarajia 20. Kupata 13 ni onyo kubwa, na mtu asiyejua kazi hukimbilia kumlaumu muuza saruji.

Wewe uliutazama mchanga. Hesabu yake ni nyepesi kufuata. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 unaochanganywa na lita 25 za maji na kilo 100 za mchanga. Mchanga huo ukiwa umenyeshewa ukabeba asilimia 6 ya maji, tayari umeingiza lita 6 ambazo hakuna aliyezipima, na fundi anayetia ndoo zilezile alizozizoea wakati wa kiangazi amefikisha lita 31 bila kujua. Maji yakizidi kiasi hicho, zege humwagika kwa urahisi na hupendeza machoni, lakini likikauka hubaki na vitundu vingi na nguvu hushuka. Katika ukuta wa bahari vitundu hivyo ndivyo njia ya maji ya chumvi kuifikia nondo. Jaribio la slampu linalofanywa palepale saiti lingeionyesha hitilafu hiyo siku ileile, kwa sababu rundo la zege lenye maji mengi huporomoka kupita kiasi kilichowekwa na mhandisi, bila kungoja majibu ya Mombasa.

Kisa hiki kinaweza kuingia katika sentensi mbili za barua ya ukurasa mmoja. Hakuna anayetaka hadithi nzima, hapo mjomba yuko sawa. Lakini kati ya waombaji ishirini watakaoandika "nina uzoefu mpana wa kusimamia ubora wa kazi", yule mmoja aliyeandika kwamba alitambua ongezeko la maji kutoka kwa mchanga uliolowa na kurekebisha mchanganyiko ndiye jopo litakayemkumbuka, na ndiye atakayeulizwa maswali anayoyaweza. Kuna sharti moja. Andika tu sehemu ambayo wewe uliifanya. Kama wewe ulitambua chanzo na mkuu wako ndiye aliyetoa agizo la kubomoa au kubadilisha, sema hivyo hivyo.

Huenda ukataka kuona jinsi haya yote yanavyokaa pamoja. Nimejaribu kuandika aya ya kati ya barua yako kwa kutumia uliyonieleza, na pale nisipokuwa na taarifa nimeacha nafasi uijaze kutoka kwenye hati zako, wala si kutoka kichwani:

"Mimi ni mhandisi mhitimu wa ujenzi, niliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya mwaka 2018 kwa namba ____. Kuanzia 2019 hadi 2024 nilikuwa msaidizi wa mhandisi mkaazi, chini ya usimamizi wa mhandisi mtaalamu, nikiwa afisa wa mshauri aliyekuwapo saiti muda wote. Mradi mkuu ulikuwa ukuta wa kuzuia bahari wa zege lenye nondo, wenye urefu wa mita ____, ambapo nilikagua nondo na viunzi kabla ya kila umwagaji, nikachukua sampuli za zege na kuandaa kumbukumbu za vikao. Majibu ya siku ya saba yaliposhuka chini ya kiwango, nilitambua kuwa mchanga uliolowa mvua ulikuwa ukiongeza maji katika mchanganyiko, nikamtaarifu mhandisi mkaazi, na kiasi cha maji kikarekebishwa. Miradi mingine, ya madarasa ya skuli na barabara ya matofali ya saruji, imeelezwa katika wasifukazi."

Utaona kwamba nimeupa nafasi mradi mmoja, na miwili nimeitaja kwa jina tu. Hiyo ni hukumu yangu, na wewe unaweza kuwa na sababu ya kufanya vingine. Ikiwa idara inayoajiri kazi yake kubwa ni barabara, basi barabara ya matofali, hata kama ilikuwa fupi, inastahili kutangulia, na ukuta wa bahari ukafuata kwa sentensi mbili. Lisome jina la idara na majukumu yaliyoorodheshwa kabla ya kuamua. Jambo ambalo ningekuomba usilifanye ni kuitaja miradi yote kwa uzito mmoja, kwa sababu orodha ndefu ndani ya ukurasa mmoja huishia kuwa majina matupu, na jopo haliwezi kujua ni wapi ulipofanya kazi na ni wapi ulipopita tu. Wala usiambatishe michoro ya kampuni yenye muhuri wa mtu mwingine. Michoro hiyo si yako, na kuisambaza bila idhini ni kosa la maadili hata kama mistari yake uliichora wewe.

Kwa wasomaji wangu wasanifu majengo, ambao najua hapa Lamu wapo, hasa wanaoshughulika na nyumba za mawe za mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001: bodi yenu ni nyingine, ile ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, chini ya Sura ya 525, na sheria hiyo hulinda hata jina la kazi. Mhitimu ambaye bado hajasajiliwa na bodi hiyo aseme kwamba ana shahada ya usanifu majengo na anafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, asijiite msanifu majengo katika barua.

Turudi kwako, kwenye ile nafasi ya pili. Unaitazama kwa mshahara wake, nami sitakuambia mshahara si kitu, hasa ukiwa na mama wa kumtunza. Lakini kuna swali ambalo katika barua yako sikuliona: je, katika idara hiyo yuko mhandisi mtaalamu atakayekuwa juu yako, na ana nafasi ya kukuongoza? Akiwapo, na akikubali kutazama kumbukumbu zako na kuzitia sahihi, nafasi ndogo inaweza kuwa njia ya kufikia daraja la juu bila kuihama Lamu. Asipokuwapo, au akiwa mmoja tu anayezungukia kila mradi, unaweza kujikuta miaka kadhaa baadaye uko palepale, safari hii na mshahara mdogo zaidi. Swali hilo linafaa kuulizwa kwenye mahojiano, mwishoni, watakapokuuliza kama una la kuuliza. Ya Mombasa nayo ina jibu la wazi kuhusu uangalizi lakini haina jibu kuhusu mama, na sijui kama umezungumza nao juu ya muda, maana zipo kampuni zinazokubali mhandisi awe saiti ya visiwani huku akisimamiwa kutoka Mombasa. Pengine wana kazi huku. Hilo nalo ni la kuuliza kabla ya kulikataa.

Unaweza pia kuomba nafasi zote mbili ikiwa tangazo halikatazi. Hapo kumbuka kwamba huenda jopo ni moja na barua zako mbili zitakaa mezani pamoja, kwa hivyo cheo, miaka na majukumu lazima yafanane herufi kwa herufi, na kinachoweza kutofautiana ni mradi unaotangulizwa tu.

Lililobaki ni la mkuu wako wa zamani. Umelifunga jambo lake na la barua ya maombi kuwa fundo moja, na ningekuomba uyatenganishe. Hata angetia sahihi leo, daraja la mhandisi mtaalamu lisingepatikana kabla ya siku ya mwisho ya maombi haya, kwa sababu bado kuna uanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi Kenya na kuna tathmini ya Bodi. Kwa hivyo barua hii itaeleza hali yako kama ilivyo sasa, iwe mkuu amekubali au amekataa. Wala usiandike kwamba uko njiani kuwa mhandisi mtaalamu mpaka maombi hayo yawe yamepokelewa na Bodi, maana jopo litakuuliza tarehe.

Kuhusu udhamini, yeye si shahidi wa pekee. Upande wa mwenye mradi alikuwapo mhandisi aliyehudhuria vikao na kupokea ripoti zako. Karatasi za majibu ya maabara mara nyingi huonyesha aliyepeleka sampuli, na kumbukumbu za vikao huonyesha waliohudhuria. Hizo zinathibitisha ulikuwapo na ulifanya nini. Omba idhini ya kuzionyesha ikiwa utahitajika kufanya hivyo. Hata hivyo, ukimwacha kabisa mwajiri wako wa miaka mitano katika orodha ya wadhamini, jopo linaweza kuuliza sababu, na jibu lako litatakiwa kuwa fupi lisilo na uchungu.

Ndiyo maana nadhani, kabla hujaamua kumtaja au kumwacha, unaweza kumjaribu kwa ombi dogo zaidi ya lile alilolikataa. Usimwombe sahihi ya kumbukumbu zote. Mwombe barua ya utumishi inayosema tarehe uliyoanza, tarehe uliyomaliza, cheo chako na miradi uliyopangiwa, mambo ambayo yote yamo katika faili lake na hayamtaki akusifu wala akusamehe. Mwandikie kwa heshima, bila kurudia ugomvi, mpe siku za kutosha za kujibu, na uweke nakala. Akitoa, umepata hati, na pengine mlango umefunguka kidogo wa kuzungumzia zile sahihi. Akinyamaza, utakuwa na ushahidi kwamba uliomba, nawe utaweza kuiuliza Bodi ni utaratibu gani unaofuatwa pale msimamizi anapokataa kuthibitisha uzoefu uliofanyika kweli. Ombi hilo lingefaa kutoka wiki hii, mbele ya barua ya maombi, ili jibu lake, liwe lipi, likukute bado una muda wa kubadilisha majina ya wadhamini.